Mshororo Gani Umesema Hivyo? Mwongozo wa Kufupisha Shairi Bila Kulisingizia

Muhtasari wangu wa kwanza wa shairi ulirudi kwangu ukiwa na swali moja limeandikwa pembezoni karibu na kila sentensi: "Mshororo gani?" Nilikuwa nimeandika kwamba mtunzi analia kwa sababu ya usaliti wa mpenzi wake. Shairi lenyewe lilikuwa la mtu anayemsemesha njiwa aliyeruka. Nilirudi nikalisoma upya nikitafuta mpenzi, sikumwona. Nikatafuta usaliti, haukuwepo. Machozi nayo nilikuwa nimeyaleta mwenyewe.

Tangu hapo kila ninapofupisha shairi au maneno ya wimbo najiuliza swali hilohilo, na mwongozo huu ni namna ya kulijibu. Ili tusielee hewani, nimetunga shairi fupi la zoezi na tutalifanyia kazi kuanzia mwanzo hadi muhtasari ulio tayari. Ni tarbia: mishororo minne kwa kila ubeti, mizani nane katika ukwapi na nane katika utao, na kibwagizo kisichobadilika.

*Uliondoka mapema, jua halijachomoza,*
*Hukusema neno jema, wala hukunipumbaza,*
*Nami pale nikakwama, macho njiani nakaza,*
*Mlango sikuufunga, upepo wangia ndani.*

*Jirani wapita hapa, wauliza kulikoni,*
*Waniambia ogopa, wezi huja usikuni,*
*Nami jibu sijawapa, nimekaa barazani,*
*Mlango sikuufunga, upepo wangia ndani.*

*Taa ninayoiwasha, haikai, huzimika,*
*Mvua inaulowesha, mkeka nilioweka,*
*Kiti sijakihamisha, ndipo ulipoinuka,*
*Mlango sikuufunga, upepo wangia ndani.*

*Leo nimekusudia, mlangoni nende pale,*
*Komeo nalishikia, li baridi vilevile,*
*Njia naitazamia, haina mtu kwa mbele,*
*Mlango sikuufunga, upepo wangia ndani.*

Kabla ya kuendelea, hebu jiulize: aliyeondoka ni nani? Kama jibu limekujia mara moja, mume, mke, mama au mpenzi, basi kazi yetu inaanzia hapohapo.

Kwanza, hakikisha unachosoma ndicho kilichoandikwa

Makosa mengi ya tafsiri huzaliwa kabla hata ya kufikiria maana, kwenye herufi. Lisome shairi kwa sauti na uhesabu mizani kwa vidole. Hesabu hiyo si urembo wa darasani. Chukua utao wa kibwagizo. Aliyeunakili "upepo waingia ndani" atapata mizani tisa, na hapo atajua kwamba kuna kitu hakikai sawa. Mshairi amefanya inkisari, amekata silabi ili mizani itimie, na "wangia" ni "waingia". Hali ni hiyohiyo kwa "nende", ambayo ni "niende". Mizani ikizidi au ikipungua katika shairi linalofuata arudhi, kwanza shuku nakala yako kabla ya kumshuku mshairi.

Kisha yafungue maneno yenye milango miwili. Katika ubeti wa pili pana "Jirani wapita hapa". Kiambishi "wa-" hapa kinaweza kuwa "wao", kinaweza pia kuwa "u" na "a" zilizoungana, yaani "wewe wapita". Ukisoma mshororo huo peke yake, huna njia ya kujua kama msemaji anawasimulia majirani wengi au anamwita jirani mmoja: "Ewe jirani, wapita hapa." Usichague kwa hisia, endelea kusoma. Mshororo wa tatu unasema "jibu sijawapa", na "-wa-" hiyo ni ya wengi. Kwa hiyo ni majirani, na muhtasari unaweza kusema "majirani" bila wasiwasi. Hivi ndivyo utata wa kweli unavyotatuliwa: shairi lenyewe hujijibu mishororo miwili baadaye. Lisipojijibu, utata unabaki, nawe unaubeba jinsi ulivyo.

Mashairi ya zamani, hasa yaliyotungwa kwa lahaja za kaskazini, yana mitego zaidi. "Mato" ni macho, "ndia" ni njia, "mtima" ni moyo. Hayo hayadhuru sana kwa sababu msomaji asiyeyajua hukwama, akafungua kamusi. Hatari iko kwenye neno unalodhani unalijua. "Nyota" katika lahaja hizo huweza kuwa kiu. Msomaji wa leo akikuta mtu "ameshikwa na nyota" anaweza kuandika aya nzima juu ya mbingu na majaaliwa, ilhali maskini yule anataka maji. Dalili ya mtego wa aina hii ni sentensi ambayo kila neno lake unalielewa lakini jumla yake haikai vizuri kinywani. Ukiona hivyo, simama.

Pili, andika orodha ya walioko na wasiokuwako

Chukua karatasi na ujibu kwa kifupi: nani anasema, anamwambia nani, ni wakati gani, nini kinatendeka, na vitu gani vimetajwa. Sheria ni moja: kila jibu liandikwe pamoja na ubeti na mshororo wake. Pasipo na mshororo, andika "halijasemwa". Neno hilo usilionee haya. Kwenye karatasi yangu ya shairi hili limetokea mara nyingi kuliko jibu lingine lolote.

Anayesema ni "mimi" wa shairi, yule tunayemwita nafsineni. Si mtunzi. Hapa mtunzi ni mimi, na mlango wangu nimeufunga vizuri, asante. Ukiandika "mshairi aliachwa na mwenzake", umedai jambo kuhusu maisha ya mtu ambalo beti nne haziwezi kulithibitisha. Andika "msemaji" au "nafsineni" mpaka uwe na sababu ya kufanya vinginevyo.

Anayesemeshwa ni "wewe". Na hapa Kiswahili kinatupa zawadi ambayo wafupishaji wengi huitupa. Lugha yetu haitofautishi mwanamume na mwanamke katika viambishi vya nafsi. "Uliondoka", "hukusema", "ulipoinuka": hakuna hata kimoja kinachotuambia jinsia. Shairi linaweza kwenda beti kumi bila msomaji kujua kama ni baba, binti, rafiki au mpangaji. Muhtasari unaosema "mwanamke anamsubiri mumewe" umeongeza watu wawili na ndoa moja. Kanuni yangu ni kwamba uwazi wa lugha ubaki kuwa uwazi. Sema "mtu aliyeondoka", basi. Kiswahili kinakuruhusu kufupisha shairi zima bila kulazimika kuchagua, kwa hiyo ukichagua, umechagua kwa hiari yako.

Tuangalie sasa vitendo. Mtu aliondoka kabla ya jua kuchomoza (ubeti wa 1, mshororo wa 1). Hakusema neno jema wala hakumpumbaza msemaji (1, 2). Hapa nenda polepole. Wengi wataandika "aliondoka bila kuaga" au "aliondoka kimya". Shairi halijasema hivyo. Limesema halikutoka neno *jema*. Inawezekana hapakuwa na neno lolote, inawezekana pia yalitoka maneno makali. Na "wala hukunipumbaza" inatuambia kwamba msemaji hakudanganywa kwa maneno matamu. Basi yule anayeandika "alimwahidi kurudi" anapingana na matini waziwazi. Hilo ni kosa zito kuliko kuongeza. Aliyeongeza amejaza pengo, lakini huyu ameandika juu ya maandishi ya mwenzake.

Kuna la mwisho kwenye orodha, nalo ni hisia. Pitia beti zote nne ukitafuta huzuni, uchungu, upweke, matumaini au hasira. Hutaipata hata moja kwa jina lake. Baridi ipo, lakini ni ya komeo.

Tatu, geuza kila ubeti uwe nathari

Kabla ya kufupisha, refusha. Andika kila ubeti kwa lugha ya kawaida, tutumbi, bila vina na bila kuruka kitu. Hatua hii inachosha na watu huikwepa, kisha wanashangaa kwa nini muhtasari wao unafanana na shairi jingine.

Ubeti wa tatu kwa nathari ni huu: "Taa ninayoiwasha haikai, inazimika. Mvua inaulowesha mkeka nilioweka. Kiti sijakihamisha, kipo palepale ulipoinuka. Mlango sikuufunga, na upepo unaingia ndani."

Tazama vishawishi nilivyovikwepa. "Mkeka nilioweka" haukugeuka kuwa "mkeka wetu". Taa haikuwa "taa ya matumaini". Kwenye nathari ya ubeti kwa ubeti hakuna "kama", "ishara" wala "yaani maisha". Taa ni taa. Kama ina maana nyingine, tutaijadili mahali pake.

Ubeti wa nne unahitaji uangalifu wa kisarufi zaidi. "Komeo nalishikia" inasomeka "ninalishikilia sasa", lakini katika ushairi "nali-" pia ni alama ya wakati uliopita, kama katika "nalikuwa". Hapa "li" inahitajika kama kiwakilishi cha komeo, na mshororo wa kwanza umetupa "leo", kwa hiyo nasoma wakati uliopo. Kuna pia "nimekusudia". Amekusudia nini? Wengi hujibu haraka: kufunga mlango. Soma tena. Amekusudia *kwenda pale mlangoni*. Kufunga hakujatajwa kama kusudi. Ameshika komeo, na mwenye komeo mkononi yuko karibu na kufunga, nakubali. Lakini karibu na kufunga si kufunga.

"Naitazamia" nayo ina uzito wake. Kutazamia kitu ni kukitarajia, na kutazamia njia kunaweza kuwa kuiangalia tu huku mshairi akitafuta silabi ya ziada na kina cha "-ia". Naiandika "naitazama njia", kwa sababu maana hiyo ipo katika usomaji wote wawili. Ukiwa na maana mbili, chagua ile ndogo ambayo kubwa haiwezi kuikana.

Nne, zipange hoja zako katika mafungu matatu

Sasa andika kila jambo unalotaka kulisema katika muhtasari na uliweke kwenye fungu lake.

Fungu la kwanza ni yaliyosemwa. Mlango haukufungwa, majirani wanauliza, taa inazimika. Haya yanaingia bila mjadala.

Fungu la pili ni yale ambayo shairi linayalazimisha ingawa halikuyataja. Kipimo chake ni hiki: jaribu kulikana jambo hilo kisha usome shairi tena. Kama shairi linavunjika, jambo hilo linalazimika. Kwa mfano, majirani wanaposema wezi huja usiku, hawataji mlango. Lakini kibwagizo kinasema mlango haukufungwa, na kama onyo lile halihusiani na mlango ulio wazi, ubeti mzima unakosa kichwa na miguu. Kwa hiyo naweza kuandika kwamba wanamwonya kwa sababu ya mlango. Vivyo hivyo aliyeondoka hajarudi: kiti hakijahamishwa tangu ainuke, na njia haina mtu. Jaribu kudai kwamba amekwisharudi na yuko ndani, uone kama ubeti wa nne unasimama.

Fungu la tatu ni yale yanayowezekana tu. Kwamba walikuwa wapenzi. Kwamba aliyeondoka amekufa. Kwamba msemaji ana matumaini. Kwamba mlango ni moyo. Jaribu kuyakana moja moja: "Hawakuwa wapenzi, walikuwa ndugu." Shairi linabaki zima, wala halikwaruziki. Basi hayo hayaingii katika muhtasari, hata yakiwa mazuri, hata ukiwa na hakika nayo moyoni.

Matumaini ndiyo yaliyonisumbua mimi mwenyewe. Mtu asiyefunga mlango, asiyehamisha kiti, anayeangalia njia: si anatumaini? Labda. Lakini mtu huyohuyo anaweza kuwa amepigwa na butwaa tu, na mshororo "Nami pale nikakwama" unaunga mkono usomaji huo vizuri zaidi. Mambo mawili yanapogombea sehemu moja na shairi halijaamua, mfupishaji si hakimu. Andika kitendo, acha sababu. "Hakuufunga mlango" kinatosha. Msomaji wa muhtasari wako ataona mwenyewe kile ambacho angekiona kwenye shairi.

Tano, kipe kibwagizo haki yake

Kibwagizo huwapotosha wafupishaji kwa njia mbili. Kuna wanaokiacha kwa kuwa ni marudio, na kuna wanaokirudia mara nne. Ufumbuzi ni kukitaja mara moja panapostahili, kisha kuangalia kama kinabadilika uzito mahali kinaporudi.

Kwenye ubeti wa kwanza, "Mlango sikuufunga" ni habari ya asubuhi ile. Kwenye wa pili na wa tatu ni maelezo ya kwa nini majirani wanasema na taa inazimika. Kwenye wa nne kinakuja baada ya mkono kushika komeo, na sasa maneno yaleyale yanaweza kuwa tokeo: nilishika komeo, na bado sikufunga. Yanaweza pia kuwa kibwagizo tu, kinachorudi kwa sababu ni zamu yake. Kumbuka pia kwamba msemaji anasema "sikuufunga", si "sijaufunga". "Sijaufunga" ingeacha nafasi ya kufunga baadaye. "Sikuufunga" inatazama nyuma.

Kwa hiyo muhtasari hauwezi kusema "mwishowe anaufunga mlango na kuanza maisha mapya". Nimeona miisho ya namna hii ikibandikwa kwenye mashairi mengi. Wafupishaji hatupendi kuacha mtu amesimama na komeo mkononi. Pia haupaswi kusema kwa uhakika kwamba "anashindwa kuufunga". Kuna njia ya kuwa mwaminifu bila kujikunja: eleza mpangilio. "Shairi linaishia kwa kibwagizo kilekile, kwamba mlango hakuufunga." Hilo ni kweli kwa usomaji wowote ule.

Sita, fumbo lifunguliwe na aliyelifunga

Najua pingamizi linalokuja. Ushairi wa Kiswahili ni nyumba ya mafumbo. Ndege si ndege, chombo si chombo, na msomaji anayebaki kwenye ndege ataonekana mjinga. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linasema mashairi huweza kuwa fumbo. Halisemi kwamba fumbo lolote unalolibuni ndilo lililokusudiwa.

Angalia tunavyojua mafumbo tunayoyajua. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, aliishi wakati wa mvutano kati ya Wamazrui waliotawala mji huo na Seyyid Said, na mashairi yake kadhaa yanahusu siasa hizo. Msomaji wa leo huelezwa kwamba shairi fulani linamlenga fulani kwa sababu kulikuwa na watu, miongoni mwao Mwalimu Sikujua bin Abdallah, waliokusanya mashairi hayo baadaye katika karne ya 19, na pamoja na mashairi wakahifadhi habari za mazingira yake. Maana ile inatoka kwenye kumbukumbu iliyo nje ya beti. Hilo haliifanyi iwe ya uongo, lakini linabadilisha namna ya kuiandika. Muhtasari wa uaminifu hutenga vitu viwili: "Shairi linasema hivi. Kwa maelezo ya waliolihifadhi, lilimlenga fulani." Ukivichanganya katika sentensi moja, msomaji atadhani beti zenyewe zimetaja jina.

Wakati mwingine fumbo hufunguliwa ndani ya shairi. Kuna dalili mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni mtunzi kufungua mwenyewe, mara nyingi kwenye beti za mwisho, kwa kutaja jina au kusema ndege aliyemtaja ni nani. Ya pili ni neno lisiloweza kukaa kwenye maana ya wazi. Tuseme ubeti wa tatu wa shairi letu ungekuwa na mshororo huu:

*Kaburi ulilolala, halijaota majani.*

Hapo kila kitu kingebadilika. Kuondoka kungekuwa kifo, na ningeandika "anamsemesha marehemu" bila kutikisika, kwa kuwa kaburi haliwezi kupewa kazi nyingine katika shairi lile. Au tuseme pangekuwa na neno linaloupa mlango mapigo ya damu. Mlango wa mbao hauna damu, na shairi lingekuwa limeniambia lenyewe kwamba mlango si mlango. Shairi letu halina neno kama hilo. Mlango unapitisha upepo na mvua, una komeo, komeo ni baridi. Kila kitu kinakaa vizuri kwenye maana ya wazi, kwa hiyo muhtasari unabaki hapo. Aliye na usomaji wa mafumbo ana haki nao kabisa, ila auandike katika uchambuzi, chini ya jina lake.

Maneno ya wimbo yana matatizo yake

Yote niliyoyasema yanahusu nyimbo pia, isipokuwa mambo machache yanayohitaji tahadhari.

Maneno ya wimbo mara nyingi tunayapata kwa kusikia, na sikio husikia linachokitarajia. Sikiliza sehemu yenye shaka mara kadhaa ukiwa umeandika kila unachodhani kimesemwa, na kama bado kuna njia mbili, usijenge sentensi ya muhtasari juu ya neno hilo. Angalia pia nani anaimba nini. Kwenye wimbo wa kupokezana, kiongozi anaweza kuwa anamlaumu mtu na waitikiaji wakawa ndio wanaolaumiwa. Ukiwaweka wote kwenye "mwimbaji anasema", umemfanya mtu mmoja ajigombeze.

Kuna pia muziki. Wimbo unaopigwa polepole na kwa sauti ya chini hutufanya tuone huzuni kwenye maneno ambayo, ukiyasoma kavu, ni ya kawaida kabisa. Kama unafupisha maneno, yaandike kwenye karatasi na uyasome siku ambayo hujausikiliza wimbo. Kama unataka kuutaja mwendo wa muziki, utaje kwa jina lake: "unaimbwa polepole". Usiuingize kinywani mwa msemaji.

Na katika taarabu, maneno yaleyale hupata walengwa wapya kila yanapoimbwa, kwa sababu msikilizaji anayeinuka kwenda kutunza anaweza kuyaelekeza kwa anayemtaka. Kwamba wimbo umetumiwa kumsema mtu si ushahidi kwamba uliandikwa juu ya mtu huyo.

Sasa tuandike

Kwanza muhtasari mbaya, nilioutengeneza kwa makosa tuliyoyaona:

"Katika shairi hili la kuhuzunisha, mke anaomboleza kuachwa na mumewe aliyeondoka bila kuaga. Licha ya majirani kumsengenya, anaendelea kuuacha wazi mlango wa moyo wake akitumaini kwamba atarudi kama alivyoahidi. Mwishowe anapata ujasiri wa kuufunga. Mshairi anatufundisha kukubali yaliyopita."

Unasomeka vizuri, na hilo ndilo tatizo. Uulize swali letu sentensi kwa sentensi. Kuhuzunisha: hisia ya msomaji imewekwa kama sifa ya shairi. Mke na mume: hakuna mshororo. Bila kuaga: mshororo umekunjwa. Kusengenya: majirani wameuliza na kuonya, tena usoni pake. Mlango wa moyo: fumbo la mfupishaji. Kama alivyoahidi: kinyume cha matini. Kuufunga: kinyume cha kibwagizo. Anatufundisha: hakuna aliyefundishwa. Kilichobaki salama ni kwamba kuna mtu aliondoka na kuna majirani.

Muhtasari ninaoukubali ni huu:

"Msemaji anazungumza na mtu aliyeondoka kabla ya jua kuchomoza, bila kumwambia neno jema wala kumpumbaza. Msemaji alibaki akiikazia macho njia. Mlango hakuufunga, na upepo unaingia ndani. Majirani wanauliza kulikoni na kumwonya kuhusu wezi wa usiku, naye hajawajibu. Taa anayoiwasha huzimika, mvua inalowesha mkeka, na kiti hajakihamisha mahali yule mtu alipoinukia. Leo amekusudia kwenda mlangoni. Anashika komeo lililo baridi na kutazama njia isiyo na mtu. Shairi linaishia kwa kibwagizo kilekile, kwamba mlango hakuufunga."

Ni sentensi moja hadi tatu kwa kila ubeti, urefu unaofaa shairi fupi lenye mfululizo wa matukio. Nimefuata mpangilio wa beti kwa makusudi, kwa sababu kuzihamisha ni kuunda uhusiano wa sababu na tokeo ambao shairi halikuuweka. Nimehifadhi maneno matatu ya shairi lenyewe, "neno jema", "kumpumbaza" na "amekusudia", kwa kuwa kila kisawe nilichojaribu kiliongeza au kupunguza kitu. Neno lisilo na kisawe salama libaki lilivyo.

Ukishamaliza, fanya jaribio moja. Mpe mtu ambaye hajalisoma shairi muhtasari wako na umwombe akueleze ni nani na nani na kumetokea nini. Akikuambia "ni mke anayemsubiri mumewe", muulize amelitoa wapi. Kama amelitoa kichwani mwake, muhtasari wako umemwachia nafasi ileile ambayo shairi lingemwachia, na hilo ni sawa. Kama anaweza kukuonyesha neno kwenye sentensi yako, rudi ukalifute.

Ukitakiwa kufupisha kwa sentensi moja tu, ndipo mkono unapowasha, kwa sababu sentensi moja hutaka kuwa dhamira. Punguza maelezo, usipunguze uaminifu. Mimi ningeandika: "Msemaji anamweleza mtu aliyeondoka jinsi alivyouacha mlango bila kuufunga, pamoja na maonyo ya majirani, upepo na mvua, hadi leo alipolishika komeo na kuikuta njia haina mtu." Mkeka, kiti na taa vimeanguka njiani. Hakuna aliyeolewa, hakuna aliyekufa, na mlango uko palepale shairi lilipouacha.